Dole gumba kwa ami

"Ami yangu wa Langoni amenuna kwa sababu aliponisalimu na kuniita nilimjibu 'Wslm, poa!! 👍'. Kosa liko wapi?"

Dole halina hatia. Wanaosema kuwa wazee hawapendi emoji wamepata nusu. Huenda huyo ami ndiye anayetuma mawaridi kila Ijumaa. Kilichomuuma ni "Wslm". Amekupa salamu kamili nawe umeirudisha imekatwa, na tumefunzwa chuoni kuwa salamu hurudishwa kama ilivyotolewa au kwa bora zaidi. Zile "!!" naye amezisoma kama za shuleni: mshangao au amri. Kwake umemkemea.

Mwandikie: "Waalaikum salaam warahmatullahi, ami. Nimesikia, nitafika baada ya laasiri inshallah." Nukta, basi.

Kwa chifu, 👍 chini ya tangazo la mkutano yatosha kuonyesha umeliona. Akikuuliza utaleta lini nakala ya kitambulisho, dole halijibu kitu, andika siku. Rafiki ni kinyume, ukimwekea nukta kavu atauliza umekasirikia nini.

Dada uliyeuliza simu gani ina emoji nzuri, swali silo, lakini kioo kidogo kina balaa yake: 😂 na 😭 hufanana. Bibi mmoja wa Mkomani aliweka 😂 tatu chini ya tangazo la msiba akidhani ni machozi ya majonzi. Wafiwa walimwelewa, vijana wakacheka. Aambiwe faragha au aachwe? Mimi na mke wangu bado tunabishana.