Kadi ya GB 2 ikigandaganda, anza na tekscha

Kadi yangu ya michoro kwenye kompyuta ni GTX 1050 yenye kumbukumbu ya GB 2, niliyoinunua mitumba Luthuli Avenue. Wiki za kwanza niliamini nimeuziwa mbovu. Kwenye gemu la GTA V fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zilikuwa nyingi za kutosha, lakini nikikata kona kwa kasi picha iliganda, ikaendelea, kisha ikaganda tena. Nikashusha vivuli na umbali wa kuona hadi chini kabisa. Fremu zikapanda, kuganda kukabaki palepale.

Kadi ikikosa nguvu, gemu huwa zito muda wote. Ikikosa kumbukumbu, gemu hukimbia vizuri halafu hukwama ghafla. Kumbukumbu ya 1050 hupitisha GB 112 kwa sekunde. Ikijaa, ziada huwekwa kwenye RAM ya kompyuta, na njia ya PCIe ya kuifikia hupitisha takriban GB 16 tu. Kadi husubiri mzigo ufike, nawe unaona picha imeganda. Ili kuhakikisha, fungua Task Manager, uingie Performance kisha GPU. Ukiona Dedicated GPU memory imefika ukingoni huku Shared GPU memory ikizidi kupanda, umepata jibu.

Mlaji mkubwa ni tekscha, yaani picha zinazovishwa kuta, barabara na nguo. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 iliyobanwa kwa muundo wa BC7 huchukua MB 4. Punguza kila upande kwa nusu, inabaki MB 1. Ndiyo maana kushuka ngazi moja tu hufungua nafasi kubwa. Nilitoa Texture Quality kwenye Very High nikaweka High, nikafunga gemu na kulifungua upya. Kuganda kukaisha karibu kote. Sikushauri uende Normal kama High inatosha: nafasi ikiwepo, tekscha nzuri hazipunguzi fremu kwa kiasi cha kuonekana, na utakuwa umeharibu sura ya mji bure.

Vivuli ndivyo vya pili. Ramani ya kivuli, yaani picha ambayo gemu hutumia kuchora vivuli, ya 4096 kwa 4096 yenye biti 32 kwa pikseli ni MB 64. Ya 2048 ni MB 16, na gemu huweza kutumia kadhaa kwa pamoja. Shusha Shadow Quality ngazi moja. Soft Shadows ukiiweka Sharp utaongeza fremu zaidi kuliko nafasi.

Umbali wa kuona niliurudisha karibu wote. Kuupunguza huisaidia zaidi prosesa, ingawa Extended Distance Scaling, inayoongeza umbali huo zaidi, naiacha sifuri.

Menyu ya gemu huonyesha makadirio ya kumbukumbu, lakini haihesabu programu nyingine. Binamu yangu wa Kasarani alifuata haya yote na bado picha iliganda. Tulipofungua Task Manager, kivinjari kilikuwa kikicheza video nyuma ya gemu, kwenye GB 2 zilezile. Alikifunga, akazunguka mji mzima bila kukwama.