Kwa wanaoanza kuandika kuhusu makosa yao wenyewe

Nimemaliza kusoma rasimu za kundi jipya la waandishi tunaowafunza hapa Nairobi, na nimeudhika kwa namna ambavyo mtu huudhishwa na watoto anaowapenda. Zoezi lilikuwa lile lile la kila mwaka, yaani tawasifu fupi kuhusu jambo ulilokosea na ambalo bado linakuaibisha. Baadhi yenu mmejichapa viboko mbele ya msomaji mpaka akakosa pa kutazama, na wengine mmewaita mashahidi wa kuwatetea kabla hata ya kutaja mlichokifanya. Nitawajibu kwa nambari kama mnavyopenda, ingawa najua nambari zenyewe zitanishinda njiani.

1. Anzeni na sentensi ya tendo: nani alifanya nini, kwa nani, na kwa kiasi gani. Iandikwe bila kivumishi hata kimoja na ikae katika aya mbili za kwanza.

2. Chunguzeni vitenzi vyenu. Mtu anayejitetea hukimbilia kauli ya kutendeka, kwa sababu humwondoa mtenda bila kelele: pesa zilitumika, ahadi ikavunjika, mawasiliano yakakatika. Akiishiwa na hiyo, huandika “nilijikuta” au “ikanibidi”, na mambo yakizidi husema kwamba shetani alimpitia. Huyo shetani amelaumiwa katika rasimu zenu mara nyingi mno, na hakuna hata mmoja wenu aliyempa nafasi ya kujibu.

3. Jambo mnaloliacha nje ndilo kiini cha tawasifu. Hapa sina budi kutumia kosa langu, maana la mtu mwingine sina ruhusa ya kulipasua hivi.

Zamani nilikuwa mwekahazina wa chama cha watu kumi na wawili mtaani Umoja. Kila mwanachama alitoa shilingi 3,000 kwa mwezi, na mwenye zamu alipokea shilingi 36,000. Mwezi mmoja zamu ilimwangukia mama aliyeuza mitumba Gikomba, ambaye alikuwa amekwisha kuagiza robota la nguo za watoto. Nilichukua shilingi 20,000 katika pesa zake nikalipa kodi ya nyumba yangu, kisha nikamwambia kwamba wenzake walikuwa wamechelewesha michango.

Nilipoanza kuandika kisa hicho, nilijiita mwizi, fisi, mtu asiyestahili kuketi na watu. Niliona hiyo ni toba, na nilijivunia ukali wake. Mhariri wangu aliniuliza swali moja tu, nalo lilihusu maneno niliyomwambia yule mama alipokuja kudai pesa zake. Nilipekua kurasa zote nikakuta kwamba uongo wangu haumo popote. Kujiita fisi kulikuwa rahisi kuliko kuandika kwamba niliwasingizia watu waliokuwa wamelipa kwa wakati. Tusi ni kubwa kiasi kwamba msomaji haoni haja ya kuuliza zaidi, na akiwa mwema huanza kumbembeleza mwandishi, naye aliyedhulumiwa akasahaulika. Mwanasaikolojia Helen Block Lewis alieleza mwaka 1971 kwamba katika aibu mtu huihukumu nafsi yake nzima, ilhali katika hatia hukihukumu kitendo. Katika uandishi tofauti hiyo huonekana ukurasani: aliyeihukumu nafsi nzima huandika vivumishi, na aliyekihukumu kitendo huandika kiasi, maneno yaliyosemwa na mtu aliyeambiwa.

Kisha nikaenda upande wa pili. Rasimu iliyofuata ilianza na mwenye nyumba aliyetishia kunifungia mlango kwa kufuli, ikaendelea na mwajiri aliyechelewesha mshahara, ikapitia homa ya mtoto wangu, na ndipo ikafika kwenye zile shilingi 20,000. Yote hayo yalikuwa kweli. Kasoro ilikuwa katika mpangilio na kipimo, kwa maana msomaji alifika kwenye tendo akiwa amekwisha kunisamehe. Maelezo ya sababu hayakatazwi, lakini yaje baada ya tendo, yawe mafupi kuliko tendo, na yafuatwe na njia nyingine iliyokuwa wazi ambayo mwandishi hakuifuata. Njia hiyo ndiyo inayotenga maelezo na udhuru. Nami nilikuwa nayo: chama chetu kilikuwa na mkopo wa dharura, na masharti yake niliyajua vyema kwa kuwa ni mimi niliyeyaandika daftarini.

Hatimaye kifungu kikawa hivi:

“Nilichukua shilingi 20,000 za mwanachama aliyekuwa na zamu, nikalipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba alikuwa ametishia kunifungia, na mshahara ulikuwa haujaingia. Chama kilikuwa na mkopo wa dharura, lakini kuuomba kungewajulisha wenzangu kwamba nimeishiwa, nami sikutaka wajue. Alipokuja, nilimwambia kwamba wengine hawajatoa.”

Angalieni kwamba hakuna machozi humo wala ombi la kuhurumiwa, na bado sababu zipo. Angalieni pia kwamba sentensi ya tatu inaniaibisha kuliko lile neno fisi, kwa sababu inaonyesha nilichokuwa nikikilinda.

4. Aliyekosewa apewe vitenzi vyake. Chukueni kalamu mpige mstari kila mahali anapofanya jambo. Mkikuta kwamba kazi yake ni kulia na kusamehe tu, mmemfanya pambo la kisa chenu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba yule mama alilia. Nilipompelekea ukurasa huo ili aniruhusu kuutoa, alicheka kidogo, kisha akaniambia kwamba hakulia hata siku moja. Alikwenda Gikomba akasimama kando kuangalia robota lake likifunguliwa na mteja mwingine, halafu akarudi nyumbani kupiga hesabu upya. “Andika ulichofanya wewe, mwekahazina,” akasema, “yangu nitayasimulia mwenyewe.” Niliondoa machozi, na kwa idhini yake nikaliacha robota. Jina lake na kibanda chake havimo, wala chochote kitakachomfanya jirani yake amtambue.

5. Si kila aibu inaandikwa kwa njia hii. Ikiwa unaona aibu kwa jambo ulilotendewa, kama kupigwa au kunajisiwa, usitafute sentensi ya tendo lako, maana aliyetenda ni mwingine na sentensi hiyo ni yake. Nimeona mwanafunzi akijisaka kosa katika kisa cha namna hiyo kwa kufuata maagizo yangu, na tangu hapo hulitaja jambo hili kabla ya kugawa zoezi.

6. Kama bado ni kidonda kibichi, andika ya kuweka kwenye droo. Mwanasaikolojia James Pennebaker, katika utafiti aliouchapisha na Sandra Beall mwaka 1986, aliwaandikisha wanafunzi wa chuo kuhusu mambo yaliyowaumiza kwa dakika 15, siku nne mfululizo, na maandishi hayo hayakuhitaji mpangilio wala kusanifiwa. Hiyo ni kazi halali, ila msimletee mhariri.

7. Mwisho wa kisa uwe tukio la mwisho lililo la kweli. Mimi niliandika kwamba nililipa kwa awamu, kwamba daftari lilipewa mtu mwingine, na kwamba yule mama alihamia chama kingine. Waliotaka kujua kama alinisamehe hawakupata jibu, kwa sababu hakuwahi kulisema.

Rasimu mpya nizipate kabla ya Ijumaa, sentensi ya tendo ikiwa imepigwa mstari.