Kabla hujaitupa betri, chora grafu ya chaji

Juma lililopita mteja wangu alikuja karibu atoe machozi. Fundi mmoja alikuwa amemwambia betri yake ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, imekufa. Hoja yake: chaja ilianza na ampea 20 na ikachaji saa 6, kwa hiyo zimeingia ampea-saa 120. Taa na friji zilitoa 63 tu, basi nusu imepotea.

Betri ile ni nzima, na leo inafanya kazi. Najivunia hilo, kwa sababu kuna mafundi wanaonidharau ninapokaa na daftari kando ya chaja.

Nilirudia chaji ile ile nikiwa na mita ya klampu. Saa 2 za kwanza mkondo ulisimama kwenye ampea 20: hizo ni ampea-saa 40. Volti zilipofika 14.4, chaja ikazishikilia hapo na mkondo ukaanza kushuka. Kila saa nilisoma: 20, 11, 6, 4, 2. Mkondo unapobadilika, chaji ni eneo lililo chini ya grafu yake. Chukua wastani wa kila masomo mawili yanayofuatana, zidisha kwa saa 1, kisha jumlisha: 15.5 + 8.5 + 5 + 3 = 32. Jumla ni ampea-saa 72.

Gawanya 63 iliyotoka kwa 72 iliyoingia: karibu asilimia 88. Kwa betri ya asidi hiyo ni hali ya kawaida.

Angalia hapa, fundi mwenzangu. Ungesoma mwanzo na mwisho tu, wastani wa 20 na 2 ni 11, mara saa 4 unapata 44. Umepata ampea-saa 12 za ziada, kwa sababu mkondo huporomoka haraka mwanzoni halafu hujivuta. Pale unapoporomoka, soma kila robo saa.

Nishati nayo usiipate kwa kuzidisha 72 kwa 12, maana utapata wati-saa 864. Zidisha volti na ampea za wakati ule ule upate wati, kisha tafuta eneo la grafu ya wati. Saa 2 za kwanza volti zilipanda kutoka 12.4 hadi 14.4, kwa hiyo wati zilitoka 248 hadi 288: wastani 268, mara saa 2 ni 536. Sehemu ya pili ni 14.4 mara 32, yaani 461. Jumla ni wati-saa 997.

Halafu kagua vizio, usiruke! Ampea mara sekunde ni kulomu. Saa ina sekunde 3600, hivyo ampea-saa 72 ni kulomu 259,200. Wati mara sekunde ni juli, na wati-saa 997 ni juli milioni 3.6 hivi. Ukiona umeandika wati kwa saa, umegawanya mahali pa kuzidisha. Na jibu likisema betri ya 100 imemeza 120, rudi kwenye grafu kabla hujamwambia mtu anunue nyingine.