Mahindi yameota ukungu, nikiyaanika tena yanaliwa?

"Wakuu, niko Mbozi. Nimefungua gunia nililofunga mwezi wa saba, mahindi ya chini yameshikana na yana vumbi la kijani. Nikiyaanika tena nikakoboa si yanaliwa?"

Mkuu, hayo usile, usiwape kuku, wala usimuuzie mama wa komoni. Jua linaweza kuzuia kuvu kuendelea kukua, lakini sumukuvu iliyokwisha kutengenezwa inabaki kwenye punje, na moto wa ugali hauiondoi. Ukikoboa inapungua lakini haiishi, na nyingi inahamia kwenye pumba. Ukimpa ng'ombe pumba hizo, sumu inatokea kwenye maziwa. Hata punje za gunia hilo zinazoonekana safi siziamini, maana sumu yenyewe haionekani kwa macho.

Mimi yalinikuta hayohayo. Nilipima ukavu kwa meno, punje ikalia "ka", nikafunga. Kosa la kwanza, niling'ata za juu ya turubai, za katikati ya lundo zilikuwa bado mbichi. La pili, nilifunga saa tisa alasiri mahindi yakiwa na joto la jua, nikayalaza juu ya saruji, yakigusa ukuta. Usiku wa huku kwetu unaujua. Punje zinazogusa baridi zikatoa jasho, na kuvu hakihitaji zaidi ya unyevu huo. Baada ya miezi miwili nilitupa gunia tatu, mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Siku hizi napima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, iwe kavu kabisa. Chumvi nayo ianike kwanza. Jaza mahindi theluthi moja, uyachote sehemu tofauti za lundo, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda usishangilie bado: kipimo hiki kinakwambia tu uko chini ya 15, na ghalani tunataka 13. Mimi naongeza siku mbili za jua kali. Kila siku nafunika kabla umande haujaanza, na nafunga jioni mahindi yakishapoa. Gunia zinakaa juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na usipige mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu.

Kwa wenye karanga, tabia inayoniudhi ni ya kunyunyizia maji maganda ili zibanguke kirahisi. Umekausha wiki nzima, halafu unazilowesha mwenyewe na kuzifunga kwenye kiroba! Bangua kavu, hata vidole vikiuma, kisha toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye matundu. Hizo chimbia. Wengi wanazisaga siagi, na humo ndimo huwezi tena kuziona.