Fungua safu ya ujazo kabla ya kuchora mistari

Wadogo zangu wa Ngamiani, juzi nimeonyeshwa tena chati ya hisa ya Soko la Dar es Salaam, imechorwa mistari mpaka bei yenyewe haionekani. Bidii yenu naipenda, lakini kosa hili la kuchora bila kutazama ujazo, yaani hisa ngapi zimeuzwa kila siku, limeshawaumiza wenzenu.

1. Mchambuzi wa kiufundi hachagui kampuni, anachagua mwendo wa bei. Anasubiri, tuseme, bei ivuke mstari wa wastani wake wa siku 20 huku hisa nyingi kuliko kawaida zikiuzwa. Hapo ananunua, na anajua mapema atauza kwa bei gani mambo yakiharibika. Njia hiyo inasimama pale tu bei inapobeba maamuzi ya watu wengi.

Sasa kijana mmoja wa hapa mtaani alipata hisa iliyokaa shilingi 1,000 karibu mwezi mzima. Siku moja ikaruka hadi 1,100, mstari ukavukwa, akanunua. Safu ya ujazo hakuifungua. Angeifungua angekuta sifuri siku baada ya siku, na siku ya mruko zimeuzwa hisa 40. Hizo ni shilingi 44,000; mtu mmoja mwenye haraka anatosha kuzinunua. Wastani aliouamini ulikuwa bei moja ya zamani iliyojirudia kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua. Alipotaka kutoka, dalali akamwambia hata kwa 1,000 hakuna mnunuzi. Ada ya shule ya mdogo wake ilikuwa humo. Aliniuliza amekosea mstari gani, na iliniuma kumjibu kwamba mistari yote ilikuwa sawa.

Kwa hiyo tazameni ujazo wa siku 20 kwanza. Sifuri zikiwa nyingi, wekeni chati kando.

2. Mchambuzi wa misingi anaanzia kwenye hesabu za kampuni. Chukua hisa ya shilingi 2,000 yenye faida ya 250 kwa hisa: unalipa mara 8 ya faida ya mwaka. Ikitoa gawio la 150, kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa unabaki na 142.50, kama asilimia 7 ya fedha yako. Linganisha na riba ya hatifungani ya serikali, kisha nenda ukurasa wa madeni. Hapo wengi hawafiki. Watu wa Tanga tunaona malori ya saruji yakitoka Pongwe tunasema kampuni inapata. Lakini Tanga Cement ilijenga tanuri la pili kwa mkopo, na riba hulipwa kabla mwenye hisa hajaonja kitu. Malori yanaonyesha mauzo, faida iko kwenye hesabu.

3. Bei ikishuka kwa kiasi cha gawio baada ya tarehe ya kustahili gawio hilo kupita, msiuze kwa hofu kwamba mstari umevunjika. Gawio limetoka ndani ya bei. Na kwenye hisa isiyouzwa sana, mpeni dalali bei ya mwisho mnayokubali, msimwambie anunue kwa bei yoyote.