Maharagwe ya Likelemba na Tamthilia ya Kusikiliza

Jumamosi iliyopita niliunguza maharagwe ya kina mama kumi na wanne. Likelemba yetu ilikuwa zamu ya kwangu, hapa Katuba, na nilikuwa nimeahidi bukari, maharagwe na ndakala wa kukaanga. Bukari ilitoka vizuri. Ndakala walitoka vizuri. Maharagwe yalifika mezani yakinukia moshi, hata baada ya kuyahamishia chungu kingine na kukata vitunguu viwili vipya juu yake. Mama mmoja, ambaye sitamtaja ingawa mwenyewe anajijua, alionja kijiko kimoja akasema kwa sauti ya kutosha watu wote: "Huyu mama anapikia televizyo, hapikii watu."

Walicheka. Na mimi nilicheka. Walipoondoka nilikaa barazani kando ya mbabula iliyozimika, na sikucheka tena.

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Ninapika huku tamthilia ikiendelea tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, na kwa miaka yote hiyo chungu hakijawahi kuniaibisha. Mimi ndiye ambaye dada zangu wananipigia simu kuuliza waweke nini wakiwa wanakunja nguo. Sasa nieleze kilichobadilika, maana si bahati mbaya.

Binti yangu alikuwa amenijazia kwenye flashi tamthilia moja ya Kikorea. Akasisitiza niitazame kwa sauti zao wenyewe, na maandishi ya Kifaransa chini, kwa sababu eti sauti za kubandikwa zinaharibu. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, labda ana haki. Lakini maandishi yanataka macho. Ukigeuka kuangalia chungu umepoteza mazungumzo, kwa hiyo hugeuki. Unajiambia "mpaka amalize kusema", kisha yule mwingine anajibu, kisha mlango unafunguliwa. Nilikuwa na simu mbele yangu na maharagwe nyuma yangu, hatua tatu tu, na hizo hatua tatu sikuzipiga kwa dakika arobaini.

Watu wengi hudhani tamthilia ya kupikia ni ile nyepesi. Sivyo. Chukua Mr. Bean. Ni nyepesi kuliko zote, sehemu zake za televisheni ni 15 tu, mtoto wa miaka mitatu anaielewa. Iweke sasa ukate lengalenga bila kuinua kichwa. Utasikia watu wanacheka na hutajua wanacheka nini, kwa sababu yule bwana karibu hasemi neno. Kila kitu kiko usoni na mikononi mwake. Ni nyepesi kwa akili, lakini inakula macho yote mawili. Kinyume chake kuna hadithi nzito za familia, urithi na watoto waliobadilishwa hospitalini, ambazo unaweza kuzifuata mwanzo hadi mwisho ukiwa umeinamia beseni.

Hizo ziliumbwa hivyo tangu zamani. Marekani, miaka ya 1930, makampuni ya sabuni yalikuwa yakilipia michezo ya redio ya mchana ili kuwafikia kina mama waliokuwa nyumbani na kazi zao. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza na Wamarekani wanaiita michezo ya sabuni. Msikilizaji alikuwa na mikono kwenye maji, haoni kitu, pengine ametoka uani kuanika. Kwa hiyo wahusika waliitana majina kila mara, walisimuliana tena yaliyotokea jana, na mwenye hasira alitamka kwamba ana hasira. Telenovela za Meksiko na Brazili, tunazozisikia hapa kwa Kifaransa, zimerithi tabia hiyo. Mtu anayeitazama akiwa amekaa huudhika: kwa nini wanarudia rudia? Wanarudia kwa ajili yako, mama, ulipokuwa umekwenda kuchota maji.

Kwa hiyo kabla sijaikubali tamthilia jikoni naipa mgongo. Kweli, naipa mgongo. Naiwasha, nageuka, namenya vitunguu kwa dakika tano bila kuangalia hata mara moja. Nikimaliza najiuliza nani anamgombeza nani, na kwa ajili gani. Nikiweza kujibu, inapita. Nikikuta nimesikia muziki, viatu, pumzi na mlango wa gari, basi hiyo ni ya usiku, watoto wakishalala. Ile ya Kikorea ningeipa mgongo dakika tano tu, ningejua. Sikufanya hivyo kwa sababu mtoto alikuwa amesema ni nzuri, na mama anayetaka kuonekana bado anakwenda na wakati hufanya upuuzi mwingi.

Lakini hata inayopita bado inaweza kukuunguzia chakula, na hapa ndipo sikuwa nimefikiri vya kutosha miaka yote hii. Chungu nacho kinasikilizwa. Maharagwe yenye maji ya kutosha yanaguguma kwa sauti nzito na mfuniko unagonga taratibu. Maji yakishuka chini ya maharagwe, mgugumo unapungua na unaanza mlio mkavu, kama mtu anatembea juu ya majani. Harufu huja baadaye, na ikishakuja umechelewa. Sasa ukiweka hadithi yenye risasi na magari, watu wananong'ona, unaongeza sauti. Mara bomu linalipuka, unaacha hivyo hivyo kwa sababu watanong'ona tena. Mlio mkavu huusikii. Kwa chakula cha motoni mimi sasa nataka hadithi ambayo watu wanaongea kwa kiwango kimoja, ndani ya nyumba, bila muziki mwingi, na sauti ya simu naiweka pale ambapo bado nasikia mfuniko. Nisiposikia mfuniko, napunguza. Hakuna mjadala.

Simu naitia ndani ya bakuli tupu la udongo kwenye kiti, mbali na mvuke. Bakuli linakuza sauti bila kuongeza chochote, na, faida kubwa zaidi, kioo kinajificha. Na kama ninatumia yuniti zangu kuangalia YouTube, nashusha picha hadi 144p. Inaonekana kama watu wameumbwa kwa matofali, lakini nani anatazama?

Mwezi huu nimerudia maharagwe yale yale nyumbani, kilo tatu, kwa makusudi, ili nijue. Niliyaloweka usiku. Asubuhi niliwasha mbabula barazani (msipikie makala ndani mmefunga mlango kwa sababu ya televizyo, moshi usioonekana unaua) na nikaweka Ma famille, ile ya Kodivaa ya Akissi Delta, iliyoanza mwaka 2002. Wengi mnaikumbuka. Ni ugomvi wa ndoa mtupu, watu wanasema kila walilo nalo moyoni, tena kwa Kifaransa cha mtaani ambacho sikio la Lubumbashi linakipokea bila shida. Kila sehemu ni kama nusu saa.

Jambo nililofanya tofauti ni moja: nilizima ile mipangilio inayoanzisha sehemu inayofuata yenyewe. Sehemu ikiisha, kimya. Kimya hicho ndicho kengele yangu. Kimya cha kwanza, nilifunua, povu limepanda, nikalitoa, nikaongeza maji ya moto kutoka kwenye birika. Maji baridi yanasimamisha mchemko na chungu kinaanza upya. Kimya cha pili, maji yameshuka vidole viwili, nikaongeza tena, nikatia makala. Kimya cha tatu, punje inapondeka kati ya vidole lakini katikati bado ina ugumu. Chumvi na mafuta nilivitia baada ya sehemu ya nne, nikapunguza moto. Sehemu ya tano sikuimaliza, yalikuwa tayari. Kwa hiyo nilifunua mara nne kwa saa mbili, kila mara kabla mlio mkavu haujaanza, na sikuangalia saa hata mara moja.

Sehemu ndefu haiwezi kazi hii. Columbo, kwa mfano, ninampenda sana. Muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo hakuna siri ya kukimbilia. Kinachobaki ni yule mpelelezi mwenye koti lililokunjamana kuuliza maswali yake, na yote yako kwenye maneno. Kwa sikio ni dhahabu. Lakini kila sehemu inapita saa moja, na maji ya maharagwe hayasubiri saa moja. Huyo namweka kwenye pasi. Sare za shule za watoto watatu, mashati meupe na nguo za buluu, zinamalizika naye vizuri kabisa: macho yanabaki kwenye kola, masikio kwake. Dakika chache za kwanza nasimama kuona nani kaua, kisha nawasha pasi.

Na telenovela nazo zina dakika zake za hatari, zile tano za mwisho. Hapo ndipo barua inafunguliwa, muziki unapanda, na mwili wenyewe unakimbilia kioo. Usishike pasi dakika hizo. Usikaange kitu. Nina kitenge kimoja chenye alama ya pembetatu kama ushahidi.

Kukunja nguo ndiyo kazi pekee inayovumilia karibu chochote, hata maandishi, kwa sababu mikono inajua yenyewe. Ile ya Kikorea nimeihamishia huko. Bado soksi zinatoka hazifanani, lakini soksi hazinuki moshi.

Sasa niwaambie kina mama wenzangu, hasa ninyi vijana mnaoniandikia "yaya, tupatie orodha ya filamu". Orodha haitakusaidia. Mtu anayekuletea orodha hajui kama unapika barazani au ndani, kama chungu chako ni kizito au ni aluminiamu inayoshika chini upesi, kama Kifaransa cha Ufaransa kinakuchosha. Ipe mgongo dakika tano. Nimesema na narudia, ipe mgongo. Mtu mzima hawezi kuunguza chakula cha wageni kisha akasema filamu ilikuwa tamu. Mimi nilisema hivyo Jumamosi, na maneno yale yalinitoka mdomoni yakanitia aibu kuliko maharagwe.

Jana yule mama alipita hapa na sahani iliyofunikwa, kunirudishia mfuniko wangu aliokuwa amebeba kwa bahati mbaya. Akakuta maharagwe ya jaribio, akala sahani mbili, kimya. Alipokuwa anaondoka akaniuliza ile sauti ya ugomvi iliyokuwa inatoka kwenye bakuli ni ya tamthilia gani, na kama ningeweza kumwekea kwenye flashi yake. Flashi iko hapa mezani. Bado sijaijaza.