Mshahara wa dada wa kazi anayeishi kwetu Nairobi

“Dada anataka 15,000 mkononi, atalala na kula kwetu. Nimlipe ngapi kwa haki?”

Ndugu yangu, anza na mshahara kabla ya makato. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kuwa shilingi 16,113.75, na hicho ndicho kiasi cha kabla ya makato.

Kwake yanakatwa akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHIF 2.75 na tozo ya nyumba nafuu 1.5, jumla 10.25, naye anabaki na 89.75. Kwa hiyo 15,000 igawe kwa 0.8975, upate kama 16,715. Wewe unaongeza NSSF yako 6 na tozo ya nyumba 1.5, takriban 1,254, hivyo gharama yako ni karibu 17,970 kwa mwezi. Wengi hukosea hapa: wanakubaliana ya mkononi, halafu makato yakianza wanayatoa kwenye ile 15,000, na dada anaona ameibiwa. Peleka makato kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kwa kuwa umempa chumba, humdai wala humlipi posho ya nyumba. Chakula kiandikeni kwenye mkataba, na usikikate kwenye mshahara. Ugali anaoupika yeye mwenyewe si malipo.

Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, mbali na siku moja ya mapumziko kila wiki. Ile Jumapili anayokwenda kanisani usiihesabu kama likizo.